Hisabati 56, Kemia 66: kusoma alama za ripoti moja ya muhula

Ripoti ya mwisho wa muhula, mwezi Desemba, ya binti wa Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM, katika shule moja ya sekondari mjini Moshi. Kemia amepata 66, na mbele yake mwalimu wa darasa ameandika: "Vizuri, endelea hivyo." Hisabati ya Juu amepata 56. Kwenye jaribio la katikati ya muhula alikuwa na 68, kwa hiyo maoni yake ni: "Ameshuka. Aongeze bidii." Mama yake, mfanyabiashara wa Soko la Mbuyuni, akiisoma hiyo karatasi ataelewa jambo moja tu: mtoto ana shida ya Hisabati. Pesa ya masomo ya ziada wakati wa likizo itakwenda huko, na Kemia itaachwa kama ilivyo.

Ushauri huo umegeuzwa kichwa chini, na anayeufuata atalipia somo lisilo na tatizo. Kisa hiki ni cha mfano, lakini makosa yaliyomo ndiyo yanayojitokeza kwenye ripoti za kweli kila muhula. Wanafunzi wa tahasusi hiyo ni 11, na tumewapa namba badala ya majina. Mwenye ripoti ni namba 7.

Alama ghafi, yaani ile iliyoandikwa juu ya karatasi ya mtihani, hubeba vitu viwili kwa pamoja: uwezo wa mwanafunzi na ugumu wa mtihani. Aliyepata 56 kwenye mtihani mgumu anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata 66 kwenye mtihani mwepesi. Ili kuvitenganisha tunahitaji kujua darasa zima lilifanyaje. Wastani unatuambia kitovu cha darasa kiko wapi. Mchepuko sanifu unatuambia alama zimetawanyika kwa kiasi gani kuzunguka kitovu hicho. Tukiwa navyo vyote viwili tunaweza kuuliza swali linaloeleweka: huyu mtoto yuko umbali gani kutoka katikati ya wenzake, juu au chini?

Hesabu ya Hisabati, hatua kwa hatua

Waliofanya mtihani wa Hisabati ni 10. Namba 2 alikuwa mgonjwa siku hiyo. Alama za waliofanya, kuanzia ya chini, ni 23, 30, 32, 36, 41, 42, 45, 50, 56 na 65. Jumla yake ni 420, na ukigawa kwa 10 unapata wastani wa 42.

Sasa toa 42 kwenye kila alama. Utapata −19, −12, −10, −6, −1, 0, 3, 8, 14 na 23. Simama hapo kidogo ujihakiki: ukijumlisha tofauti hizi zote lazima upate sifuri. Hasi zinafika −48, chanya zinafika 48, kwa hiyo wastani uko sawa. Kama jumla haiji sifuri, ama wastani umekosewa, ama umeruka jina, ama wastani uliukadiria mapema mno. Usiendelee mbele mpaka uone sababu.

Kwa kuwa tofauti zenyewe zinafutana, tunazipandisha kwenye kipeo cha pili kwanza: 361, 144, 100, 36, 1, 0, 9, 64, 196 na 529. Jumla ni 1440. Gawa kwa 10 upate 144, kisha tafuta kipeuo cha pili chake: 12. Huo ndio mchepuko sanifu. Uko kwenye kipimo kilekile cha alama za mtihani, kwa hiyo unaweza kusema kwa lugha ya kawaida kwamba mwanafunzi wa darasa hili, kwa kukadiria, hukaa alama kama 12 juu au chini ya 42.

Alama sanifu ya mwanafunzi ni tofauti yake na wastani, igawanywe kwa mchepuko sanifu. Namba 7 ana 56. Yuko alama 14 juu ya wastani, na 14 kwa 12 ni 1.17. Amepita katikati ya darasa kwa zaidi ya mchepuko mmoja mzima, na aliyemzidi ni mmoja tu.

Twende Kemia. Wote 11 walifanya. Wastani ni 70 na mchepuko sanifu ni 8. Namba 7 ana 66, yaani alama 4 chini ya wastani, na −4 kwa 8 ni −0.5. Alama yake iliyosifiwa ndiyo iliyo chini ya katikati ya darasa, na ile iliyolaumiwa ndiyo iliyo juu.

Mtu atauliza: si tungeangalia nafasi tu? Hisabati ni wa 2 kati ya 10, Kemia ni wa 8 kati ya 11, na jibu linaonekana bila hesabu yoyote. Kwa kisa hiki ni kweli, nafasi inaelekea kulekule. Lakini nafasi inaeleza mpangilio na kuficha umbali. Kwenye orodha ya Hisabati, kutoka wa kwanza hadi wa pili kuna alama 9. Kutoka wa tano hadi wa sita kuna alama moja, 42 na 41. Mwanafunzi anaweza kupoteza nafasi kwa sababu ya alama moja ya njia, akapigwa nyumbani kwa kitu ambacho hata msahihishaji mwenyewe angeweza kukitoa au kukinyima. Alama sanifu inaonyesha hao wawili wako mahali pamoja: 0.00 na −0.08.

Sifuri ya asiyekuwepo

Kosa linaloharibu hesabu hizi kuliko lolote huanzia kwenye kuingiza alama. Namba 2 hakufanya Hisabati. Mwingizaji wa alama anaona kisanduku kitupu, anaogopa jedwali litaleta matatizo, anaandika 0.

Angalia kinachotokea. Jumla inabaki 420, lakini sasa inagawanywa kwa 11, na wastani unashuka kutoka 42 hadi 38.2. Mchepuko sanifu unaruka kutoka 12 hadi 16.6, kwa sababu hiyo sifuri iko mbali mno na wengine, na umbali wake unapandishwa kipeo cha pili kabla ya kujumlishwa. Sifuri moja imebeba karibu nusu ya jumla yote ya mraba wa tofauti.

Namba 7 haathiriki sana. Alama yake sanifu inashuka kutoka 1.17 hadi 1.07. Wanaoumia ni walio chini. Chukua mwanafunzi aliyepata 30. Hesabu sahihi inampa −1.00, na mwalimu yeyote makini akiiona atamwita. Sifuri ikiingia, alama yake inakuwa −0.49. Kwenye karatasi anaonekana yuko chini kidogo tu ya wastani, na anapita bila kuitwa na mtu. Aliyepata 23 anatoka −1.58 hadi −0.91. Ndiyo maana tunasisitiza hili kwa nguvu: sifuri ya mtu asiyekuwepo inawaficha waliokuwepo na wanaohitaji msaada.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona. Tafuta alama ya chini kabisa kwenye safu. Ikiwa ni 0 na anayeifuata yuko mbali, chukua orodha ya mahudhurio ya siku ya mtihani ulinganishe. Sifuri ya kweli ipo, ya mtu aliyekaa chumbani akarudisha karatasi isiyo na jibu sahihi, na hiyo inabaki kwenye hesabu. Ya asiyekuwepo inatoka.

Kwenye Excel, andika ABS au acha kisanduku kitupu. Fomula za wastani na mchepuko huruka maandishi na visanduku vitupu zenyewe. Tuchukulie majina yako mstari wa 4 hadi wa 14, na alama za Hisabati ziko safu ya C:

```
C16:  =AVERAGE(C4:C14)
C17:  =STDEV.P(C4:C14)
D4:   =IF(ISNUMBER(C4),(C4-C$16)/C$17,"")
```

Fomula ya D4 ivute mpaka D14. Alama ya dola mbele ya 16 na 17 ndiyo inayozuia fomula isihame inapovutwa. Ukiisahau, mstari wa 5 utatafuta wastani kwenye C17 na mchepuko kwenye C18, na utapata namba za ajabu au ujumbe wa `#DIV/0!`. Sehemu ya `IF(ISNUMBER` inamwachia namba 2 kisanduku kitupu. Bila hiyo, neno ABS litaleta `#VALUE!`. Ukimaliza, tafuta wastani na mchepuko wa safu ya D yenyewe. Wastani lazima uwe 0 na mchepuko uwe 1. Uhakiki huu unachukua nusu dakika na hukamata karibu kila kosa la uvutaji wa fomula.

Kuna pia `STDEV.S`, ambayo inagawa kwa 9 badala ya 10 na kutoa 12.65. Hiyo ni ya mtu mwenye sampuli anayetaka kukisia kundi kubwa zaidi. Mwalimu anayeeleza darasa lake ana darasa zima mkononi, kwa hiyo `STDEV.P` ndiyo yake. Kwa namba 7 tofauti ni ndogo, 1.17 dhidi ya 1.11. Ubaya unakuja pale Hisabati inapokokotolewa kwa fomula moja na Kemia kwa nyingine, kisha zikawekwa upande kwa upande. Chagueni moja shule nzima.

Je, kweli ameshuka?

Hapa ndipo mwalimu aliyejifunza alama sanifu juzi anapoweza kukosea upande wa pili. Jaribio la katikati ya muhula lilikuwa na wastani wa 62 na mchepuko wa 9. Namba 7 alipata 68, kwa hiyo alama yake sanifu ilikuwa 0.67. Mwisho wa muhula ana 1.17. Kishawishi ni kufuta "ameshuka" na kuandika "amepanda sana".

Subiri kwanza. Waliofanya jaribio la katikati ni 11, na namba 2 alikuwemo. Huyo ndiye aliyeongoza, kwa alama 80. Mwisho wa muhula hayupo. Kwa hiyo namba 7 analinganishwa na kundi lenye mwanafunzi hodari mara ya kwanza, na kundi lisilo naye mara ya pili. Alama sanifu hupima nafasi ya mtu ndani ya kundi, na kundi likibadilika, inabadilika hata kama yeye mwenyewe hajasogea.

Dawa ni kurudi nyuma na kukokotoa jaribio la katikati kwa wale 10 tu waliofanya mitihani yote miwili. Ukimtoa namba 2, wastani wa jaribio hilo unakuwa 60.2 na mchepuko unakuwa 7.3. Alama sanifu ya namba 7 inakuwa 1.07. Sasa ulinganisho ni wa haki: 1.07 katikati ya muhula, 1.17 mwishoni. Tofauti ni 0.10, na kwenye mtihani wenye mchepuko wa 12 hiyo ni sawa na alama moja na kidogo. Hajashuka na hajapanda. Yuko palepale, miongoni mwa wanaoongoza, na kilichoshuka ni alama za darasa zima kwa sababu mtihani wa mwisho ulikuwa mgumu zaidi au ulibeba mada nyingi zaidi.

Kwa madarasa madogo kama haya ya tahasusi, sisi hatuandiki "amepanda" wala "ameshuka" kama tofauti haijafika angalau 0.5. Chini ya hapo unakuwa unasoma bahati ya swali moja. Pengo la namba 7 kati ya Hisabati na Kemia ni 1.67, na hilo haliwezi kuelezwa kwa swali moja. Tena katikati ya muhula Kemia alikuwa na −0.4, kwa hiyo jambo hili halikuanza Desemba.

Lakini −0.5 yenyewe isitiwe chumvi. Wanafunzi wa PCM wamechaguliwa kwa sababu walifaulu masomo hayo Kidato cha Nne. Kuwa chini kidogo ya wastani kati ya watu wa namna hiyo hakumaanishi mtu haijui Kemia. Kunamaanisha kwamba kwenye mtihani ambao wengi walipata 70, yeye aliacha alama ambazo wenzake walizichukua. Ni zipi? Namba haitasema. Itoe karatasi yake, hesabu alama alizopoteza kwenye kila swali, ujue kama zimetoka kemia ogania, maswali ya moli, au maelezo ya kazi ya maabara. Hapo ndipo maoni ya ripoti yanapopatikana.

Alama sanifu haibadilishi daraja

Kuna jambo ambalo mzazi lazima aambiwe waziwazi. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani kwa Kidato cha Sita, 50 hadi 59 ni D na 60 hadi 69 ni C. Namba 7 ana D ya Hisabati, na hiyo 1.17 haitaigeuza kuwa kitu kingine. Viwango vile vinaangalia alama yenyewe, bila kujali darasa lake Moshi lilifanyaje. Darasa lote likiwa dhaifu, anayeongoza anaweza kuwa na alama sanifu ya 2 na bado akafeli. Wastani wa 42 ni E, na watatu kati ya 10, wenye 23, 30 na 32, wako kwenye F. Huo ni ujumbe kwa mwalimu wa somo na mwalimu wa taaluma: aidha mtihani ulivuka kilichofundishwa, aidha kuna mada haikueleweka. Kumlaumu mtoto mmoja aliyepata 56 kunawafanya wasilione hilo.

Jumla ya alama nayo ina mtego wake, kwa sababu ndiyo inayopanga nafasi ya jumla. Tukiiacha Fizikia kando, namba 7 ana 56 na 66, jumla 122. Namba 4 ana 45 za Hisabati na 75 za Kemia, jumla 120. Namba 7 yuko mbele. Zigeuze kuwa alama sanifu: namba 7 anapata 1.17 na −0.50, jumla 0.67, namba 4 anapata 0.25 na 0.63, jumla 0.88. Wamebadilishana. Somo lenye mchepuko mkubwa hupanga nafasi za watu kwa nguvu kuliko lenye mchepuko mdogo, ingawa yote mawili ni ya asilimia 100. Hatusemi shule iache kupanga kwa jumla. Tunasema tofauti ya alama 2 kwenye jumla ya namna hii haitoshi kumwambia mtoto kwamba fulani amemzidi.

Kinachoandikwa kwenye ripoti

Shule nyingine hugeuza alama sanifu ili kuondoa hasi: unazidisha kwa 10 kisha unajumlisha 50. Namba 7 angekuwa na 62 ya Hisabati na 45 ya Kemia. Kwa daftari la mwalimu ni sawa. Kwenye ripoti ya mzazi tunashauri isiwekwe kabisa, kwa sababu 45 iliyo kando ya 66 itasomwa kama asilimia, na mzazi atauliza kwa nini mtoto ana alama mbili za Kemia. Weka alama ghafi na wastani wa darasa kwa kila somo, kisha sema kwa maneno kile ambacho alama sanifu imekuonyesha. Kwa namba 7 maoni yanaweza kuwa hivi:

"Hisabati ya Juu, 56 (wastani wa darasa 42). Mtihani ulikuwa mgumu kwa darasa zima. Ni wa 2 kati ya 10 na ameshikilia kiwango chake cha katikati ya muhula. Bado anahitaji alama 4 kufikia C."

"Kemia, 66 (wastani wa darasa 70). Ni C, ila yuko chini kidogo ya wenzake kwa majaribio mawili mfululizo. Alama nyingi amezipoteza kwenye kemia ogania. Likizo hii aanze na mada hiyo."

Mama akija siku ya wazazi na kuuliza, "Mwalimu, mbona Hisabati imetoka 68 mpaka 56?", jibu ni fupi na halihitaji kutaja mchepuko wowote: "Mama, darasa zima limetoka 60 mpaka 42. Yeye amebaki juu ya wenzake kama alivyokuwa. Tunachohofia ni Kemia."

Ripoti ya namba 2 isiwe na 0 wala nafasi ya Hisabati. Iandikwe kwamba hakufanya mtihani kwa sababu ya ugonjwa, na alama yake ya katikati ya muhula, 80, ionekane. Akipewa mtihani wa kufidia Januari, alama hiyo isiingizwe kwenye safu ya Desemba kama maswali ni tofauti, kwa kuwa wastani wa 42 na mchepuko wa 12 ni vya karatasi ile ya kwanza. Na yule mwenye 30, ambaye sifuri ingemficha, aitwe pamoja na wale wenye 23 na 32 kabla shule haijafungwa, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi.